Ruta ya laini chini ya meza ya mkutano

Jumatatu moja, saa mbili na robo asubuhi, nilipigiwa simu na kijana wa TEHAMA wa ofisi moja ya uwakala wa forodha pale Posta. Ofisi yao iko ghorofa ya tatu na ya nne, ina kompyuta 38, na mtandao wao nimekuwa nikiuhudumia kwa muda mrefu. "Kaka, shikamoo. Intaneti ipo, lakini folda za pamoja hazifunguki. Na si kwa wote. Dada wa uhasibu anachapa vizuri tu, jirani yake hapo hapo hata printa haioni."

Maelezo hayo mafupi yalinipa karibu kila nilichohitaji. Seva ya mafaili ingekuwa imeanguka, wangelalamika wote. Laini ya intaneti ingekuwa imekatika, hakuna ambaye angefungua tovuti yoyote. Lakini watu wawili wanaokaa meza jirani, nyaya zao zimeingia kwenye swichi moja, mmoja anaona kila kitu na mwingine anaona intaneti peke yake: hapo ninaanza na anwani. Nilimwomba afungue dirisha la amri kwenye mashine zote mbili, aandike `ipconfig /all`, anisomee mistari michache. Kwa dada wa uhasibu anwani ilikuwa `10.20.10.64`, lango `10.20.10.1`, ndivyo inavyotakiwa. Ya jirani yake akanitumia kwa picha:

```
IPv4 Address. . . . . . . : 192.168.8.113(Preferred)
Default Gateway . . . . . : 192.168.8.1
DHCP Server . . . . . . . : 192.168.8.1
```

Mtandao wa 192.168.8 haupo popote katika ofisi ile. Mstari wa tatu ndio wa kushika: unamtaja aliyegawa anwani. Mle ndani kulikuwa na kifaa kingine kinachogawa anwani, na mashine zilikuwa zinakisikiliza.

Kwa nini kompyuta inamwamini mgeni

Kompyuta inapowashwa haina anwani, na haijui nani wa kumwomba. Kwa hiyo inatuma tangazo, `DISCOVER`, linalofika kwa kila kifaa kilicho kwenye VLAN ile, yaani kipande kile cha mtandao. Yeyote mwenye kazi ya kugawa anwani anajibu kwa `OFFER`, yaani "chukua hii". Kompyuta inachagua mojawapo na kusema `REQUEST`, mgawaji anathibitisha kwa `ACK`. Utaratibu huu unaitwa DHCP, umeandikwa katika RFC 2131 ya mwaka 1997, na katika hatua zote nne hakuna mahali kompyuta inapomuuliza mgawaji kitambulisho. Zikija ofa mbili, kompyuta nyingi huchukua iliyotangulia. Ni kama abiria mgeni anayeshuka stendi usiku akamfuata mpiga debe wa kwanza kumshika begi.

Kwa hiyo swali la kisa hiki lilikuwa la kasi: kwa nini mgeni alijibu kabla ya mwenyeji?

Jibu lilianzia kwenye umeme. Asubuhi ile umeme ulikatika kabla ya saa mbili, jenereta ya jengo ikachukua dakika kadhaa kuwaka. Betri ya UPS iliyo chini ya raki ilikuwa imechoka, haikuweza kubeba hata dakika moja. Kila kitu kikazima, halafu kila kitu kikaamka kwa pamoja. Anwani za ofisi zinagawiwa na ruta ya Cisco iliyo kwenye raki, na ruta ya aina hiyo huchukua dakika kadhaa mpaka isimame sawasawa. Kifaa kidogo cha mezani huwa tayari mapema zaidi. Katika pengo hilo mgawaji alikuwa mmoja tu ofisini, na hakuwa yule tuliyemweka sisi.

Hata ruta ya ofisi ilipokwisha kuamka, bado ilikuwa na uzito wake. Kabla ya kutoa anwani, mgawaji wa IOS, programu inayoendesha ruta za Cisco, huipigia ping kwanza ili kuhakikisha hakuna anayeitumia. Kwa kawaida yake hutuma ping mbili na kusubiri nusu sekunde kwa kila moja. Ni tahadhari nzuri, lakini inaifanya ofa yake ichelewe kama sekunde nzima. Vifaa vingi vidogo havijisumbui na hilo, vinajibu papo hapo. Ndiyo maana mashine zilizowashwa baadaye nazo ziliangukia kwa mgeni.

Dada wa uhasibu alisalimika kwa sababu rahisi: mashine yake ina anwani iliyoandikwa kwa mkono, kwa ajili ya programu ya malipo. Haimuulizi mtu chochote inapoamka.

Kompyuta mpakato zenye betri zilitushangaza kidogo. Hizo hazikuzima, na zilikuwa na anwani zao halali za Ijumaa. Lakini swichi ilipozima, mashine iliona kebo imekufa. Swichi iliporudi, mashine ikatangaza: "Naomba niendelee na 10.20.10.81." Ruta ya ofisi, hata pale ilipokuwa imeamka, haikuwa na kumbukumbu yoyote ya anwani ile, kwa sababu orodha yake ya ugawaji inakaa kwenye kumbukumbu ya muda isipopangiwa mahali pa kuhifadhiwa. Mgawaji asiye na kumbukumbu ya mteja anatakiwa kunyamaza. Kile kifaa kidogo hakikunyamaza. Kiliona anwani ambayo si ya mtandao wake, kikajibu `NAK`, yaani "hapana, hiyo si ya hapa". Mashine ikaacha anwani yake halali, ikaanza upya na `DISCOVER`, na ikaingia kwenye mikono ile ile.

Kumtafuta

Nilifika ofisini saa tatu kasoro. Mzee wa kitengo cha usafirishaji alinipokea mlangoni, nikamsalimia, akaniitikia na kuongeza: "Mwanangu, na hii laini yangu ya intaneti ukipata nafasi uiangalie. Nilinunua bando la wiki nzima jana jioni, saa hizi limebaki kiduchu." Niliyapokea kama mazungumzo ya mlangoni, nikapita. Baada ya dakika ishirini niliyakumbuka.

Nilikaa kwenye mashine moja iliyoathirika. Kwanza nililipigia ping lile lango la uongo, halafu nikaomba anwani yake ya MAC, ile ya kifaa chenyewe, kwa `arp -a 192.168.8.1`. Ikaja `00-00-5e-00-53-1a`. Anwani ya IP haikuambii kifaa kiko wapi, lakini MAC inakuambia, kwa sababu swichi huandika kila MAC imeiona ikiingia kwa poti ipi. Kwenye swichi ya ghorofa ya tatu nikauliza:

```
show mac address-table address 0000.5e00.531a
```

Ikajibu `Gi1/0/47`. Hiyo si poti ya mtumiaji, ni kebo inayopanda kwenda swichi ya ghorofa ya nne. Maana yake ni kwamba kifaa kiko upande ule. Nikaingia swichi ya nne, nikauliza swali lile lile:

```
Vlan    Mac Address       Type        Ports
----    -----------       --------    -----
  10    0000.5e00.531a    DYNAMIC     Gi1/0/17
```

Poti 17. Lebo kwenye paneli ya nyaya ilikuwa imefutika, imebaki herufi moja. Ukifika hapo usianze kuvuta nyaya kwa kubahatisha. Niliingia poti 17, nikaandika `shutdown`, kisha kwenye mashine moja iliyoathirika nikaandika `ipconfig /release` na `ipconfig /renew`. Ikapata `10.20.10.90`. Nikarudia kwenye ya pili, ikapata nayo. Huo ndio ushahidi.

Baada ya dakika mbili mzee wa usafirishaji akatoka chumba cha mkutano cha ghorofa ya nne. Kifaa kilikuwa chini ya meza ya mkutano, kimekaa juu ya swichi ndogo ya poti tano: ruta ya laini, nyeupe, antena mbili, taa ya kijani inapepesa. Waifai ya ofisi haifiki vizuri chumba kile, na yeye ana vikao na wenye mizigo kila siku. Akanunua ruta kwa hela yake, akaweka laini. Wiki iliyopita fundi mmoja alimwambia kwamba akichomeka na kebo ya ukutani mtandao utakuwa na nguvu zaidi. Akachomeka kebo kwenye poti ya LAN ya ruta.

Kwa hiyo mashine za ghorofa mbili zilikuwa zinaitumia laini yake binafsi kama njia ya kwenda nje. Intaneti ilikuwepo kwa sababu bando lake lilikuwepo. Folda na printa hazikuonekana kwa sababu mashine yenye anwani ya 192.168.8 ikitafuta seva ya `10.20.10.6` hupeleka pakiti kwa lango lake, lango likazirusha kwenye mtandao wa simu, na huko seva yetu haijulikani. Majina ya seva nayo yalikuwa yanaulizwa kwa DNS ya kile kifaa, ambayo haijawahi kuyasikia. Bando lingekwisha saa nne, dalili ingebadilika, watu wangesema "sasa hata intaneti imekata", na mtu angeweza kupoteza mchana mzima akisumbuana na mtoa huduma wa intaneti asiye na kosa.

Nilimweleza taratibu, mbele ya kijana wa TEHAMA tu. Alisikitika kweli. Sioni sababu ya kumkaripia mtu wa namna hii. Alikuwa na shida ya kweli, chumba hakina waifai, na shida hiyo ilikuwa imeripotiwa. Ninalolichukulia kwa uzito ni kwamba mtu mwenye nia mbaya angeweza kufanya kitu kile kile kwa dakika moja. Angegawa lango lake, angegawa DNS yake, na mawasiliano ya nusu ya ofisi ya forodha yangepita mikononi mwake huku kila mtu akiona intaneti inafanya kazi.

Jambo moja la kuzingatia hapa: kuondoa kifaa hakuponyi mashine zilizokwisha kuambukizwa. Kila moja imeshika anwani yake mpaka muda wa ukodishaji uishe. Inapofika nusu ya muda inajaribu kumtafuta mgawaji wake yule yule, isipompata inaendelea kukaa na anwani ile, na ikifika asilimia 87.5 ndipo inatangaza kwa wote. Kwa ukodishaji wa siku nzima, hiyo ni karibu saa 21 za mashine iliyokwama. Tulizunguka meza kwa meza kufanya `release` na `renew`.

Kufundisha swichi kuchungulia

Ulinzi wa kudumu upo ndani ya swichi zenyewe, na mara nyingi umelala tu. Amri yake ni `ip dhcp snooping`, na maana yake ni kwamba swichi inachungulia kila ujumbe wa DHCP unaopita. Inagawa poti zake katika makundi mawili. Poti inayoaminiwa inaruhusiwa kupitisha maneno ya mgawaji: ofa, uthibitisho, ukataaji. Poti isiyoaminiwa inaruhusiwa kuomba tu. Ofa ikiingia kupitia poti isiyoaminiwa, swichi inaitupa hapo hapo, haifiki kwa mtu. Ukishawasha, poti zote huanza zikiwa haziaminiwi, na ni kazi yako kutaja zinazoaminiwa.

Hapo ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Poti ya kuaminiwa ni ile inayoelekea kwa mgawaji halali. Sisi tulikuwa na ruta kwenye `Gi1/0/48` ya swichi ya tatu. Swichi ya nne inaungana na ya tatu kwa `Gi1/0/48` yake, ambayo kwenye swichi ya tatu inaingia poti `Gi1/0/47`. Mgawaji yuko upande wa chini. Kwa hiyo tunaamini 48 ya swichi ya tatu, na 48 ya swichi ya nne. Ile 47 hatuiamini, ingawa ni kebo kati ya swichi na swichi, kwa sababu hakuna mgawaji halali anayekaa ghorofa ya nne. Ofa yoyote inayoshuka kutoka huko ni ya mgeni. Nimeona mahali ambapo kila kebo ya swichi kwa swichi imeaminiwa kwa mazoea. Hapo swichi moja ikisahaulika bila ulinzi, mgeni wa huko anafika kila mahali.

Mfuatano wa amri nao ni muhimu. Taja poti ya kuaminiwa kwanza, ndipo uwashe ulinzi. Ukiwasha kwanza ukasahau kuamini, ofa za mgawaji wako halali ndizo zitakazotupwa. Na ubaya wake hauonekani mara moja, kwa sababu mashine zilizokwisha kupata anwani zinaendelea nazo. Unaondoka saa moja jioni kila kitu kikiwa sawa, na kesho asubuhi watu wanawasha kompyuta hakuna inayopata anwani.

Kazi tuliifanya saa kumi na mbili jioni siku ile ile, ofisi ikiwa tupu. Kwenye swichi ya nne:

```
interface GigabitEthernet1/0/48
 ip dhcp snooping trust
interface range GigabitEthernet1/0/1 - 46
 ip dhcp snooping limit rate 15
exit
ip dhcp snooping vlan 10
ip dhcp snooping
```

Mistari miwili ya mwisho inahitajika yote. Kutaja VLAN peke yake hakuwashi kitu, na kuwasha bila kutaja VLAN hakulindi mtu. Ile `limit rate 15` inaweka kikomo cha pakiti 15 za DHCP kwa sekunde kwa kila poti ya mtumiaji. Poti ikizidisha inafungwa. Usiiweke kwenye poti ya kebo ya swichi kwa swichi. Siku umeme unaporudi, maombi ya ghorofa nzima hupita hapo kwa pamoja, na ungekuwa umeifunga ghorofa yako mwenyewe.

Kabla hatujaigusa swichi ya tatu, tukachomeka kompyuta mpakato kwenye poti 9 ya swichi ile kujaribu. Haikupata anwani. Ikakaa na `169.254`, ile anwani ambayo mashine hujipa ikikosa mgawaji. Kijana wa TEHAMA akaniangalia. Nikakagua poti ya kuaminiwa mara mbili, iko sawa. Nikaingia kwenye ruta, nikaandika `debug ip dhcp server packet`, nikajaribu tena. Ruta ikasema wazi:

```
DHCPD: inconsistent relay information.
DHCPD: relay information option exists, but giaddr is zero.
```

Kosa lilikuwa langu, nililijua na nikalisahau. Swichi ya Cisco ikiwashiwa ulinzi huu, kwa kawaida yake inaongeza kipengele namba 82 ndani ya ombi la mteja, kinachotaja ombi limetoka poti ipi ya swichi ipi. Kipengele hicho kinatarajiwa kwenye maombi yanayopitishwa na kifaa cha kati, na kifaa hicho hujaza anwani yake kwenye sehemu inayoitwa `giaddr`. Swichi yetu haipitishi maombi kwa niaba ya mtu, ipo kwenye VLAN ile ile na ruta, kwa hiyo `giaddr` inabaki sifuri. Ruta ya IOS ikiona vitu viwili hivyo pamoja inalishuku ombi na kulitupa. Hakuna aliyevamia mtandao. Ni vifaa viwili vyetu wenyewe visivyoelewana.

Pana njia mbili. Unaweza kuiambia ruta ikubali kwa `ip dhcp relay information trust-all`, na swichi ya tatu nayo ikubali kwa `ip dhcp snooping information option allow-untrusted`, au uziambie swichi zisiongeze kipengele hicho. Kwa ofisi ya VLAN moja ambayo haitumii habari za poti kwenye mgawaji, nachagua ya pili, na iwe kwenye swichi zote mbili:

```
no ip dhcp snooping information option
```

Ukiiweka kwenye swichi ya tatu tu, utabaki na tatizo la pili: swichi ya tatu ikipokea, kwenye poti isiyoaminiwa, ombi ambalo swichi ya nne imeshaliongezea kipengele 82, inalitupa. Utaona ghorofa ya tatu inafanya kazi na ya nne haifanyi, na utaanza kuilaumu kebo.

Baada ya amri ile mpakato ikapata `10.20.10.95` mara moja. Tukaangalia `show ip dhcp snooping binding`, ambako swichi inaandika kila mteja: MAC yake, anwani aliyopewa, sekunde zilizobaki, VLAN na poti. Ile orodha kijana wa TEHAMA aliipenda kuliko kitu chochote cha siku ile, na namwelewa. Lebo za paneli zimefutika, lakini sasa akipewa anwani yoyote iliyogawiwa na ruta anajua iko poti ipi bila kupanda ngazi.

Tulimrudisha mgeni makusudi

Sikutaka kuondoka nikiwa ninaamini tu. Nilimwomba mzee wa usafirishaji ruhusa, tukaichomeka tena ruta yake pale pale chini ya meza, tukafungua poti 17. Nikazima na kuwasha poti ya mashine tatu za ghorofa ile ili ziombe anwani upya. Zote zikapata za ofisi. Kwenye kumbukumbu za swichi ikaandikwa:

```
%DHCP_SNOOPING-5-DHCP_SNOOPING_UNTRUSTED_PORT: DHCP_SNOOPING drop message on untrusted port, message type: DHCPOFFER, MAC sa: 0000.5e00.531a
```

Halafu nikachomeka mpakato yangu kwenye ile swichi ndogo ya poti tano, iliyo chini ya meza pamoja na ruta. Nikapata `192.168.8.120`. Kijana akashtuka, akadhani ulinzi umeshindwa. Haukushindwa. Mpakato yangu na ruta ya laini walikuwa wanazungumza ndani ya swichi ndogo, mazungumzo yao hayakuhitaji kupita kwenye swichi yetu, na swichi haiwezi kuzuia kisichopita kwake. Ulinzi huu unaanzia kwenye poti ya swichi inayosimamiwa. Chochote kinachofanyika nyuma ya poti hiyo, kwenye swichi ya bei rahisi au kwenye waifai ya ruta yenyewe, kiko nje ya uwezo wake. Tuliing'oa swichi ndogo siku ile, na wiki hiyo hiyo chumba kikapata kifaa cha waifai cha ofisi juu ya dari. Mzee akarudi na ruta yake nyumbani.

Pana mipaka miwili mingine niliyomwandikia kijana kwenye daftari lake. Mtu akiandika anwani kwa mkono, hata akajiandikia anwani ya lango, ulinzi huu haumgusi, kwa sababu hakuna ujumbe wa DHCP uliopita. Kuna ukaguzi wa ARP, yaani wa ujumbe ambao mashine huulizia anwani fulani ni ya MAC ipi, unaotumia orodha ile ile ya swichi kumzuia mtu huyo, lakini usiuwashe kabla ya kuorodhesha mashine zenye anwani za mkono, la sivyo dada wa uhasibu na printa zote zitakatika. Na ukifika huko, orodha lazima ihifadhiwe kwenye flashi kwa `ip dhcp snooping database`, kwa sababu swichi ikizima bila kuihifadhi inaamka haimjui mtu. Kwa mji wenye umeme wa kukatika, hilo si jambo la kuahirisha. Mpaka wa pili ni IPv6: ruta ya laini inaweza kujitangaza kuwa lango kwa matangazo yake ya IPv6 bila kutumia DHCP kabisa, na hayo yanahitaji ulinzi wake mwingine kwenye poti.

Betri ya UPS ilibadilishwa Alhamisi.

Wiki tatu baadaye kijana alinitumia picha ya kumbukumbu za swichi. Ofa imetupwa saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, poti 9, ghorofa ya nne. Alikuwa ameshakwenda kuangalia: mgeni wa ukaguzi wa hesabu alikuwa ametumia simu yake kupata intaneti kwenye mpakato, akawasha kushirikisha intaneti hiyo kwa kebo, na Windows ikifanya hivyo huanza kugawa anwani za `192.168.137` bila kuuliza. Ofisini hakuna aliyepiga simu. Nilimuuliza amejuaje kwamba ni yule mgeni na si mtu mwingine wa meza ile. Akanijibu kwamba aliichukua MAC kwenye mstari ule wa kumbukumbu, akaitafuta kwenye orodha ya wateja, akakuta jana yake imepewa anwani kwenye poti hiyo hiyo, halafu akamwomba mgeni amwonyeshe `ipconfig /all`.